Huo wimbo si wa Bob Marley, jo!

Fungua simu yako sasa hivi, utafute "Don't Worry, Be Happy". Nina uhakika kati ya video utakazoona kuna iliyobandikwa picha ya Bob Marley, rasta zikining'inia, na maoni ya watu wakimlilia marehemu. Usibonyeze bado. Nisikize kwanza.

Mimi sikuzungumzii kama mjuaji. Miaka miwili iliyopita, mkahawa mmoja hapa Nairobi uliniahidi elfu tatu nitayarishe nyimbo za usiku wa Bob Marley, tarehe 11 Mei, siku aliyokufa. Wakati huo nilikuwa nimeacha chuo, na elfu tatu ilikuwa kodi nusu. Wimbo wa kwanza niliouweka ni huohuo. Mluzi haujaisha, mzee mmoja aliyekuwa ameketi peke yake akaniita kwa kidole. "Kijana, Marley alikufa mwaka gani?" Nikamwambia 1981. "Na huu wimbo ulitoka lini?" Nikabaki kimya. "1988," akasema, akarudi kwa chai yake.

Mwenye mkahawa alisikia yote. Nililipwa elfu moja na mia tano.

Sasa hesabu ni hiyo tu, na huhitaji digrii kuifanya. Marley alifariki Miami kwa saratani akiwa na miaka 36. Wimbo ukatoka miaka saba baadaye, katika albamu inayoitwa Simple Pleasures. Mwenyewe ni Bobby McFerrin, Mmarekani mweusi aliyezaliwa 1950, mtu wa jazi. Babake alikuwa mwimbaji wa opera. Rege hata si kazi yake.

Lakini tuseme huamini tarehe. Basi tumia masikio. Vaa spika zako za masikioni na utafute gita. Hakuna. Tafuta besi, ile ambayo kwa nyimbo za Marley hukupiga kifuani kabla hata hajaanza kuimba. Unasikia kitu kama besi, sivyo? Ni koo la McFerrin. Mluzi ni wake, mdundo ni wake, wale "waitikiaji" nyuma ni yeye. Alirekodi sauti moja, akaweka nyingine juu yake, na nyingine tena, mpaka mtu mmoja akawa bendi nzima. Mwezi wa Septemba 1988 ukawa wimbo wa kwanza usio na ala yoyote kushika nambari moja kwenye Billboard Hot 100 kule Marekani. Mwaka uliofuata ulishinda Grammy ya wimbo bora wa mwaka na ya rekodi bora ya mwaka. Marley mwenyewe, pamoja na ukubwa wake wote, hakuwahi kupewa Grammy akiwa hai.

Basi tulichanganyikiwa wapi? Nadhani kosa lilianzia kwa lafudhi. McFerrin aliimba kama mtu wa visiwani, na kwetu mtu wa visiwani ni Marley, basi. Halafu Marley ana "Three Little Birds" ya 1977, ambayo pia inakutuliza usiwe na wasiwasi. Kisha ikaja enzi ya kushusha nyimbo bure mtandaoni, Napster na wenzake. Mtu yeyote angeweza kuandika jina lolote kwenye faili, na faili lenye jina la Marley lilitafutwa kuliko la McFerrin. Yeye anakili, mwingine anakili, mpaka likafika kwa sidii za matatu na kwa simu yako.

Ukiuliza "sasa shida iko wapi, si wimbo ni mtamu tu?", ngoja. Mwaka huohuo wa 1988, George Bush, yule mzee, alikuwa akiwania urais wa Marekani, na kampeni yake ikautumia wimbo huo bila kumwomba McFerrin ruhusa. McFerrin hakuwa shabiki wake. Alilalamika hadharani, na hata akaacha kuuimba jukwaani. Hebu fikiria, wimbo uliokutoa ukaacha kuuimba kwa sababu umetumiwa na mtu usiyemtaka. Huyo ni msanii aliyejua wimbo ni wake. Leo angeupigania vipi kwa watu wanaoapa kwamba aliutunga maiti?

Na usinielewe vibaya, simpunguzii Marley kitu. Ana nyimbo zake za kutosha.

Yule mzee bado huja mkahawani, na mimi pia, ingawa siku hizi kama mteja. Juzi aliniuliza "Bad Boys" ni ya nani. Nikamjibu Inner Circle kabla hajashusha kikombe.