Mabasi Sita Mbele ya Mpinzani: Rekodi za Mistari ya Kuanzia

Kwenye kiwanja cha riadha cha mita 400, mkimbiaji wa njia ya nje huanza mbele ya wenzake, na mtazamaji mgeni hudhani kapendelewa. Swali ni moja tu: mbele kiasi gani? Tuwapange washindi. Kipimo chetu ni basi la abiria lenye urefu wa mita 12.

1. Pengo kubwa kuliko yote: karibu mita 80

Taji linakwenda kwa mbio za kupokezana vijiti za mita 400 mara nne. Hapa mkimbiaji wa kwanza hubaki kwenye njia yake mzunguko mzima, na wa pili hapiti njia ya ndani mpaka amalize kona yake ya kwanza. Kona tatu ndani ya njia! Njia ya nane hulipwa mita 26.5 kwa kila kona, kwa hiyo huanza takriban mita 80 mbele ya njia ya kwanza. Ni mabasi sita na ushee, pua kwa mkia.

2. Pengo lenye heshima kuliko yote: mita 53.03

Hili ni la njia ya nane katika mita 400, na hesabu yake inaingia kwenye kiganja cha mkono. Njia moja ina upana wa mita 1.22. Ukisogea nje njia moja, nusu kipenyo cha kona kinaongezeka kwa upana huohuo, na kona mbili zikiunganishwa ni duara kamili. Basi 2 × 3.1416 × 1.22 ni mita 7.67 kwa kila njia.

Njia ya pili peke yake hupata pungufu, mita 7.04. Sababu iko miguuni. Njia ya kwanza ina ukingo ulioinuka, kwa hiyo hupimwa sentimita 30 kutoka kwenye ukingo huo. Nyingine hupimwa sentimita 20 kutoka kwenye mstari wa rangi. Tofauti ya sentimita 10 inashusha 1.22 kuwa 1.12. Jumlisha 7.04 na 7.6655, ile 7.67 kabla ya kukadiriwa, mara sita: 53.03, zaidi ya mabasi manne.

Kutoka njia hiyo ya nane, Wayde van Niekerk wa Afrika Kusini alivunja rekodi ya dunia kwa sekunde 43.03 mjini Rio mwaka 2016, bila kumwona mpinzani hata mmoja mbele yake. Na kuna aliyeanzia mbali zaidi: Nicholas Bett wa Kenya alitwaa ubingwa wa dunia wa mita 400 kuruka viunzi, Beijing 2015, akitokea njia ya tisa. Mita 60.70 mbele ya njia ya kwanza, mabasi matano kamili!

3. Nyongeza ndogo ya njia ya nane: sentimita 42

Katika mita 800 wakimbiaji hukaa kwenye njia zao kona moja tu, kisha huruhusiwa kuingia ndani. Njia ya nane ingestahili mita 26.52. Lakini mkimbiaji wake hukata mshazari kwenye sehemu iliyonyooka ya mita 84.39, na mshazari ni mrefu kuliko mstari mnyoofu. Analipwa sentimita 42 juu yake. Wapimaji hawadhulumu hata nusu hatua.

4. Kipimo kisicho na kazi kuliko vyote: ukubwa wa kona

Hapa wengi hubisha. Kona ya kawaida ina nusu kipenyo cha mita 36.50. Ifanye 50, au jenga kiwanja kinachozunguka Ziwa Viktoria: pengo la njia na njia linabaki mita 7.67. Unatoa duara dogo kwenye kubwa, na nusu kipenyo cha asili kinajifuta. Kinachobaki ni upana wa njia tu.

5. Kosa la ghali kuliko yote: futi kamba iliyonyooshwa

Mita 53.03 hupimwa kwa kufuata mviringo wa njia. Ukivuta futi kamba moja kwa moja kutoka mstari wa kumalizia, ukatize ndani ya kona mpaka isome 53.03, umemzawadia mkimbiaji wa njia ya nane zaidi ya mita 3 na nusu. Kwa kamba iliyonyooka, alama sahihi iko mita 50.05.

Kosa la pili kwa gharama ni kuchora njia za mita 1.25 kisha kutumia jedwali la 1.22. Pengo la haki lingekuwa mita 54.35, kwa hiyo njia ya nane inakimbia mita 1.32 za ziada. Kwa anayemaliza kwa sekunde 50, hiyo ni zaidi ya sehemu 16 za mia za sekunde, nayo inatosha kabisa kumnyima medali. Kulikamata ni rahisi: kabla ya kugusa jedwali, pima upana wa njia nane kwa pamoja. Ukipata mita 10 badala ya 9.76, jedwali lako si la kiwanja hicho.