Ganzi ya Vidole Baada ya Grainda

Fundi wa mageti anazima grainda jioni, ananawa, anakaa apate chai. Ncha za vidole bado zinamchomachoma kama sindano, na kikombe anakiona hakijakaa sawasawa mkononi. Baada ya dakika chache hali inatulia, naye anahesabu kuwa ni uchovu. Hapo ndipo kosa linapoanzia. Mkono unaotulia baada ya kazi tayari umeshaonyesha kwamba mishipa ya fahamu ya vidole imeguswa.

Mtetemo wa grainda, drili ya kutoboa zege au nyundo ya upepo hupita kwenye mpini ukaingia moja kwa moja vidoleni. Ukirudiwa kwa miezi na miaka, huumiza mishipa ya fahamu na ile midogo ya damu. Mwaka 1918 daktari Alice Hamilton aliwachunguza wachonga mawe wa Bedford, Indiana, Marekani, waliotumia nyundo za upepo. Kwenye baridi, vidole vyao vilibadilika vikawa vyeupe na kufa ganzi. Kubadilika rangi huko ndiyo dalili inayotajwa mno vitabuni, lakini huletwa na baridi. Kwa fundi wa Dar es Salaam au Mombasa, vidole vinaweza visiwe vyeupe kamwe, huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika. Asingoje weupe.

Atazame badala yake ganzi inachukua muda gani kuondoka. Mwanzoni ni dakika chache. Baadaye inafika hadi wakati wa kulala, kisha inamwamsha usiku. Halafu vidole vinapoteza ustadi: kuokota nati ndogo mezani kunamshinda, vifungo vya shati vinamchelewesha, na hasikii tofauti ya chuma laini na chenye makwaruzo. Akifikia hapo, mara nyingi hisia hazirudi zote hata akiacha kazi.

Wataalamu hupima mtetemo kwa mita kwa sekunde mraba. Kwa kanuni za Ulaya, mwajiri hulazimika kuchukua hatua wastani wa siku ya saa 8 unapofika 2.5, na 5 ni kikomo kisichovukwa. Tuchukue grainda yenye mtetemo wa 7. Kiwango cha kuchukua hatua hufikiwa baada ya takriban saa 1, na kikomo baada ya saa 4. Saa hizo ni za mashine ikiwa inanguruma mkononi tu. Muda wa kupima chuma na kuchomelea hauhesabiwi. Sasa diski ikalika upande mmoja, au beringi zikachoka, mtetemo ukafika 14. Umeongezeka mara mbili, lakini muda unapungua hadi robo: dakika 15 za kufikia hatua, na saa 1 kikomo.

Ndiyo maana naona kinga ya kwanza iko kwenye mashine. Diski iliyokwisha kuanguka au kupasuka isifungwe tena. Mahali inapokaa pafutwe vumbi la chuma kabla ya kufunga, kisha mashine iwashwe kidogo hewani: ikitikisika kuliko kawaida, izimwe itafutwe sababu. Mpini wa pembeni, ambao kwenye karakana nyingi hupotea wiki ya kwanza, urudishwe. Na mashine isikandamizwe. Anayeikamata kwa nguvu huukaribisha mtetemo mwingi zaidi mkononi, na vidole vyenye ganzi ndivyo hasa hukaza bila mwenyewe kujua. Diski butu humlazimisha mtu kukandamiza, hivyo kuibana matumizi kwa kuitumia hadi iishe kabisa kunaigharimu mikono.

Kazi ya grainda nayo igawanywe. Ikiwa kuna mageti matatu ya kusawazisha, mafundi wawili wapokezane, mmoja akisaga huku mwingine anakata vipande au kupaka rangi, badala ya mmoja kushinda nayo asubuhi nzima. Glavu zinafaa kwa majeraha na kwa kuiweka mikono katika joto, lakini hata zile zinazouzwa kuwa huzuia mtetemo zisimpe mtu ruhusa ya kuongeza saa. Sigara hubana mishipa ya damu, hivyo huzidisha tatizo.

Ganzi ikianza kukaa hadi usiku, aende hospitali, na amweleze daktari mashine anazotumia, kwa saa ngapi kwa siku na kwa miaka mingapi. Bila maelezo hayo ni rahisi daktari kuishia kwenye kisukari au shingo, ambavyo navyo hupimwa. Aeleze pia ni vidole vipi. Ganzi ya kidole gumba, cha shahada na cha kati inayomwamsha usiku, huku kidole kidogo kikiwa salama, yaweza kuwa mshipa uliobanwa kwenye kifundo cha mkono. Hilo pia huletwa na mashine za mtetemo, na likigunduliwa mapema huweza kutibiwa, pengine kwa upasuaji mdogo. Shirika la Kazi Duniani limeyaweka magonjwa ya mtetemo kwenye orodha yake ya magonjwa ya kazi, kwa hiyo cheti cha daktari kinachotaja kazi yenyewe kitunzwe kwa ajili ya madai ya fidia.