Massamba na Wenzake, wa Mwaka Gani?

Wapo watahini wanaoanza kuisoma tasnifu kutoka nyuma. Hutazama marejeleo kwanza, kisha hufungua sura ya pili, hushika jina moja lililonukuliwa na kulitafuta kwenye orodha. Wasipolikuta, mwanafunzi ameshaanza vibaya.

Katika isimu ya Kiswahili, jina linaloponza wengi ni Massamba. Mwaka 1999 TUKI ilichapisha Sarufi Miundo ya Kiswahili Sanifu, ya Massamba, Kihore na Hokororo. Mwaka 2004 ikatoka Fonolojia ya Kiswahili Sanifu, ya Massamba, Kihore na Msanjila. Ipo pia Sarufi Maumbo, ambayo wengi huinukuu kwa mwaka 2003, na humo anayetangulia ni Kihore. Sasa, toleo la 7 la APA linataka kazi ya waandishi watatu au zaidi itajwe kwa jina la kwanza tu. Mwanafunzi anaandika “Massamba na wenzake (2003)”, na kwenye orodha yake hakuna kitu kama hicho.

Kosa la namna hii halikamatwi kwa kusoma tu, maana jicho limeshalizoea jina. Dawa ni kuichapa orodha kwenye karatasi, kisha kufungua kazi kwenye Word, kubonyeza Ctrl+F na kuandika:

```
^#^#^#^#
```

Hapo kompyuta huonyesha kila mahali penye tarakimu nne mfululizo, hivyo karibu kila mwaka ulionukuliwa utajitokeza, hata usio ndani ya mabano. Kwa kila mmoja, jina na mwaka hulinganishwa na karatasi: vikiafikiana, tia vema; visipoafikiana, andika pembeni.

Mwishoni unabaki na mafungu mawili: nukuu zisizo na rejeo, na marejeo yasiyo na vema. Usiongeze wala kufuta chochote kabla ya kuyaweka bega kwa bega. “Massamba na wenzake (2003)” imekosa rejeo. Kihore, Massamba na Msanjila (2003) wamekosa vema. Ni kosa moja lenye sura mbili, na kusahihisha jina kwenye matini kunamaliza yote. Vivyo hivyo kwa “Hinnebush” wa matini na Hinnebusch wa orodha.

Mazungumzo binafsi hayaingii kwenye orodha ya APA. Kazi uliyoisoma ndani ya kitabu cha mwingine nayo haiingii. Kinachoorodheshwa ni kile kitabu ulichokishika.

Wanaotumia Zotero hudhani wamesalimika. Programu hiyo huoanisha nukuu zilizoingizwa kupitia yenyewe. Ile uliyoichapa kwa mkono usiku wa manane haiijui.

Kazi hii ifanywe mara moja, baada ya kumaliza masahihisho ya mwisho ya msimamizi. Ukikagua leo na kesho ukafuta aya mbili, kuna rejeo litakalobaki yatima.