Ampea 300 Zilezile

Fundi umeme akitaka kujua mkondo unaopita katika waya mnene wa shaba, hana haja ya kuukata. Anafungua taya za mita yake, anaukumbatia waya, anasoma namba. Mita hiyo haigusi shaba. Inachopima ni uga sumaku unaouzunguka waya, jambo alilolibaini Hans Christian Ørsted mjini Kopenhageni mwaka 1820, alipoona sindano ya dira ikigeuka kando ya waya uliopitishwa umeme. Mita ikisema ampea 300, basi ni ampea 300. Lakini kuna swali moja ambalo haitalijibu, hata ukiipeleka karibu au mbali: ndani ya shaba ile, ampea hizo zimekaa wapi?

Wengi wetu tunadhani zimeenea sawasawa, kama maji yaliyojaa bomba. Kwa umeme wa betri katika waya wa shaba tupu, ndivyo ilivyo. Kwa umeme wa gridi, unaobadili mwelekeo kila mara, mambo ni tofauti kidogo. Mkondo unaobadilika hujizalishia uga unaobadilika, na uga huo unausukuma mkondo utoke katikati kuelekea kwenye ngozi ya waya. Waya ukiwa mwembamba huoni kitu. Ukiwa mnene, katikati panapungukiwa na pembeni panasongamana.

Ili tuone uga unafanyaje katika hali kama hiyo, tuchukue mfano ulio rahisi kuhesabika. Waya ni mviringo, umenyooka, ni mrefu, na nusu kipenyo chake ni milimita 10. Tuseme msongamano wa mkondo, yaani ampea zinazopita katika kila milimita moja ya mraba, ni sifuri kwenye mhimili na unakua kwa kadiri ya umbali: ukienda mbali mara mbili, msongamano nao unakuwa mara mbili. Jumla ni ampea 300. Ukigawanya kwa eneo lote la waya unapata wastani wa ampea 0.95 hivi kwa milimita ya mraba. Kwenye ngozi yenyewe ni 1.43, mara moja na nusu ya wastani.

Sasa kanuni. Inaitwa ya Ampère, na kwa waya wa mviringo inasema jambo moja jepesi. Chora duara kuzunguka mhimili, popote upendapo, ndani ya waya au nje. Uga kwenye duara hilo unategemea tu mkondo uliomo ndani ya duara. Mkondo ulio nje ya duara upo, unafanya kazi yake, lakini michango yake kutoka pande zote inafutana kabisa. Kwa hesabu ya mkono, zidisha ampea zilizomo ndani kwa 0.2, kisha gawanya kwa nusu kipenyo cha duara katika milimita. Jibu linatoka kwa militesla.

Kazi yote, basi, ni kuhesabu ampea zilizomo ndani ya duara. Fikiria mkeka wa mviringo, ule unaoshonwa kwa ukili kuanzia katikati ukizunguka hadi ukingoni. Mzunguko wa kwanza unakula ukili kidogo sana. Wa mwisho unakula pima nzima. Waya nao una mizunguko hiyo: kila pete ya nje ni ndefu kuliko ya ndani. Na katika waya wetu, kila pete ya nje si ndefu tu, bali pia imebeba mkondo mzito zaidi. Mambo mawili yanakua pamoja, ndiyo maana katikati panabaki na kidogo mno.

Chukua duara la milimita 5, nusu ya njia kutoka mhimili hadi ngozi. Eneo lake ni robo ya eneo la waya. Wastani wa msongamano ndani yake ni nusu ya wastani wa waya mzima. Robo mara nusu ni sehemu moja ya nane, kwa hiyo humo mna ampea 37.5 tu. Zidisha kwa 0.2, gawanya kwa 5: uga ni militesla 1.5. Kama mkondo ungeenea sawasawa, duara hilo lingekuwa na ampea 75 na uga wa militesla 3.

Fika kwenye ngozi, milimita 10. Ampea zote 300 ziko ndani, uga ni militesla 6, na waya wa mkondo sawasawa nao unatoa 6 ileile. Toka nje hadi milimita 20 kutoka mhimili: 3, kwa waya zote mbili. Kwa wanaopenda kuandika, ndani ya waya wetu ni

B = μ₀ I r² / (2π R³)

na nje ni

B = μ₀ I / (2π r)

Ndani uga unapanda kwa mraba wa umbali, mlegevu karibu na mhimili kisha mkali karibu na ngozi. Nje unashuka taratibu. Kilele kiko kwenye ngozi. Fomula ya nje haijui lolote kuhusu mpangilio wa ndani, inajua jumla peke yake. Hapo ndipo mita ya fundi inapofungwa macho.

Kosa ninaloliona mara nyingi kwa wanafunzi ni kuchukua msongamano ulio kwenye ukingo wa duara na kuuzidisha kwa eneo lote la duara, kana kwamba katikati nako pamejaa hivyo hivyo. Kwa waya wetu hesabu hiyo inatoa ampea 450 badala ya 300. Kulibaini si kazi: hesabu ya ndani na ya nje lazima zikutane kwenye ngozi. Hapa ya ndani ingesema militesla 9 na ya nje 6, na uga katika shaba hauruki hivyo. Pete lazima zijumlishwe moja moja.

Niseme wazi kwamba mfano huu umetia chumvi. Waya halisi wa shaba wenye nusu kipenyo cha milimita 10, katika umeme wa hezi 50, una msongamano wa kwenye ngozi unaouzidi wa katikati kwa asilimia 8 hivi, na katikati hapabaki patupu. Waya ukizidi unene, tofauti inakua haraka. Tena, waya wa kurudishia mkondo ukiwa karibu, ulinganifu wa duara unaharibika na hesabu yetu fupi haitoshi. Na kiini kikiwa cha chuma, kama katika nyaya nyingi za alumini zinazoning'inia juu ya minara, chuma chenyewe ni sumaku na uga ndani yake ni habari nyingine.

Lakini kile ambacho mita haikioni, joto linakiona. Kila pete ya waya inapata moto kwa kadiri ya mraba wa msongamano wake, kwa hiyo msongamano usio sawa unagharimu. Ukijumlisha pete zote za waya wetu, joto linalozalishwa ni 9 kwa 8 ya lile la waya wenye mkondo sawasawa: asilimia 12.5 zaidi, kwa shaba ileile, kwa ampea 300 zilezile. Ndiyo sababu watengenezaji wa kebo kubwa sana za ardhini huugawa moyo wa shaba vipande kama vya chungwa, wakavitenganisha na kuvisokota, ili kila uzi upate zamu yake ya kukaa katikati na ya kukaa pembeni.