Kutoka Molariti Hadi Gramu kwa Lita

Molariti ya mmumunyo ni idadi ya moli zilizoyeyuka katika lita moja. Mizani ya maabara, hata hivyo, haihesabu moli, inapima gramu. Ndiyo maana katika mitihani ya vitendo ya kemia mwanafunzi hutakiwa kugeuza moli kwa lita ziwe gramu kwa lita, na njia yake ni moja: molariti huzidishwa kwa uzito wa moli moja ya kitu kilichoyeyuka. Moli moja ya kabonati ya sodiamu, Na₂CO₃, ina gramu 106, yaani 46 za sodiamu, 12 za kaboni na 48 za oksijeni. Mmumunyo wake wenye molariti 0.1 una gramu 10.6 katika kila lita.

Kazi huanza kuwa ngumu pale kitu kilichopimwa kwenye mizani kinapokuwa si kabonati tupu. Fuwele za magadi ya kufulia hubeba maji ndani yake, na fomula yake huandikwa Na₂CO₃·xH₂O. Swali maarufu la mtihani ni kutafuta hiyo x, na haipatikani bila kupitia gramu kwa lita.

Tuseme gramu 7.10 za fuwele zimeyeyushwa hadi kufikia sentimita za ujazo 500. Pipeti inachota sentimita za ujazo 25 na kuzitia kwenye chupa ya koni pamoja na matone mawili ya methili oranji. Asidi ya haidrokloriki yenye molariti 0.1 inadondoshwa kutoka kwenye bureti mpaka rangi ya njano igeuke kuwa ya chungwa. Wastani wa asidi iliyotumika ni sentimita za ujazo 24.80.

Asidi hiyo ina moli 0.00248. Kila moli ya kabonati hula moli mbili za asidi, kwa hiyo kwenye chupa mlikuwa na moli 0.00124 za kabonati. Hizo zilikuwa katika sentimita za ujazo 25; katika lita nzima zingekuwa mara 40 yake, ambayo ni molariti 0.0496. Hapo ndipo panapokuja kuzidisha: 0.0496 mara 106 ni gramu 5.26 kwa lita.

Gramu hizo ni za kabonati peke yake, bila maji, kwa kuwa asidi haigusi maji ya fuwele. Fuwele zenyewe, gramu 7.10 katika nusu lita, ni gramu 14.20 kwa lita. Tofauti, gramu 8.94, ni maji. Ukizigawanya kwa 18 unapata moli 0.497, na moli hizo ukizigawanya kwa 0.0496 unapata 10. Fuwele ni Na₂CO₃·10H₂O.

Jibu likitoka baya, lenyewe husema kosa liko wapi. Aliyepata x ya 2 amekosea mara mbili mahali fulani, na mahali penyewe ni pawili tu panapofahamika. Pengine alisahau kwamba moli moja ya kabonati inataka moli mbili za asidi, na gramu zake kwa lita zitasomeka 10.5 badala ya 5.26. Au gramu zake ni 5.26 sawasawa, lakini alizitoa kwenye 7.10 akisahau kwamba hizo zilikuwa za nusu lita. Makosa haya mawili hutoa x ileile, kwa hiyo mwalimu anayesahihisha hutazama gramu kwanza, si x.

Aliyepata x ya 26 huenda hesabu yake ni safi kabisa. Alitumia finolfthalini, ambayo hupoteza rangi yake ya waridi kabonati inapokuwa imefika nusu ya safari tu, ikiwa bado ni baikaboneti. Asidi iliyotumika inakuwa 12.40, gramu za kabonati zinaonekana 2.63, na sehemu yote iliyobaki inahesabiwa kuwa maji.

Kosa jingine halimo kwenye daftari bali kwenye chupa ya stoo. Fuwele hizi zikiachwa wazi hupoteza maji hewani. Uangavu wake hufunikwa na unga mweupe. Gramu 7.10 za unga huo zina kabonati nyingi zaidi, asidi inayohitajika huongezeka, na x hushuka chini ya 10. Zikibaki na molekuli moja tu ya maji, pipeti moja itataka sentimita za ujazo 57 za asidi, na bureti ya kawaida ya shuleni ina 50.