Kila akaunti na karani wake

Februari 2014, Facebook ilipotangaza kwamba inainunua WhatsApp kwa dola bilioni 19, watu wengi walishangazwa na bei. Wahandisi wa programu walishangazwa zaidi na idadi ya watu waliokuwa wakiiendesha huduma hiyo. WhatsApp ilikuwa na watumiaji milioni 450 kwa mwezi na wahandisi 32 tu, maana yake kila mhandisi alibeba watumiaji zaidi ya milioni 14. Miaka miwili kabla ya hapo kampuni ilikuwa imeeleza kwamba seva yake moja iliweza kushikilia simu zaidi ya milioni 2 zilizounganishwa kwa wakati mmoja.

Seva hizo ziliendeshwa kwa programu zilizoandikwa kwa Erlang, lugha iliyoanza kutengenezwa mwaka 1986 katika maabara ya Ericsson nchini Uswidi na Joe Armstrong, Robert Virding na Mike Williams. Mpangilio wake ni ule ambao wataalamu wanauita modeli ya watendaji, ulioelezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1973 na Carl Hewitt na wenzake wawili, Peter Bishop na Richard Steiger. Ericsson waliufikia kwa njia yao wenyewe, wakitafuta namna ya kutengeneza mitambo ya simu isiyozimika.

Katika mpangilio huo, programu haiwi kitu kimoja kikubwa. Inagawanywa kuwa watendaji wadogo wadogo, hata mamia ya maelfu ndani ya seva moja. Tuwachukulie kama makarani: kila mmoja ana chumba chake, daftari lake na sanduku la barua mlangoni. Hakuna anayeruhusiwa kusoma daftari la mwenzake, seuze kuandika ndani yake. Anayetaka jambo kwa mwenzake anamwandikia ujumbe, kisha anaendelea na kazi zake. Karani anatoa ujumbe mmoja sandukuni, anaushughulikia mpaka mwisho, ndipo anachukua mwingine. Katika kuushughulikia anaweza kurekebisha daftari lake, kutuma ujumbe kwa wengine, au kuanzisha karani mpya.

Faida yake inaonekana vizuri kwenye pesa. Tuseme mteja ana shilingi 50,000 kwenye akaunti ya simu. Analipa dukani shilingi 40,000, na sekunde hiyohiyo mfumo wa mikopo unakuja kukata rejesho la shilingi 30,000. Katika programu ambayo sehemu zake zote zinachangia kumbukumbu moja, sehemu inayohudumia duka inasoma salio na kukuta 50,000. Kabla haijaandika salio jipya, sehemu ya mikopo nayo inasoma na kukuta 50,000 zilezile. Zote mbili zinaridhika kwamba pesa zinatosha, na shilingi 70,000 zinatoka kwenye akaunti yenye 50,000. Kosa hili linasumbua kwa sababu halijirudii kwa utaratibu. Mkaguzi akijaribu mara elfu moja ofisini huenda asilione hata mara moja, halafu likatokea mwisho wa mwezi miamala inapofurika.

Dawa ya zamani ni kufuli: anayesoma salio analifungia mpaka amalize. Inafanya kazi, lakini ni lazima kila mwandishi wa programu akumbuke kufunga na kufungua kila mahali panapohusika. Katika modeli ya watendaji, akaunti yenyewe ndiyo mtendaji. Maombi mawili yanaingia sandukuni kwake, moja mbele na jingine nyuma. La kwanza linapita na salio linabaki 10,000. La pili linakuta 10,000 na kukataliwa. Hakuna kufuli la kusahau.

Ericsson walikuwa na sababu nyingine ya kuupenda mpangilio huu. Ikiwa kila simu inayopigwa ina mtendaji wake, hitilafu katika simu moja inamwangusha huyo mmoja tu, na wengine wanaendelea kuongea. Juu yake yupo mtendaji msimamizi, ambaye kazi yake ni kuarifiwa kwamba fulani ameanguka na kuanzisha mwingine mahali pake. Msimamizi naye amewekewa kiwango: walio chini yake wakianguka mara nyingi kupita kiasi ndani ya muda mfupi, hujizima mwenyewe ili suala lipande kwa aliye juu yake. Daftari la aliyeanguka, hata hivyo, hupotea pamoja naye. Kwa simu iliyokatika si hasara kubwa, mteja atapiga tena. Kwa akaunti ya pesa, kila badiliko lazima liandikwe kwenye hifadhi ya kudumu kabla mteja hajajibiwa kwamba muamala umekamilika.

Ugumu halisi unaanza pesa zinapotoka akaunti moja kwenda nyingine. Mtendaji wa kwanza ameshapunguza shilingi 10,000 na kumtumia wa pili ujumbe wa kuongeza. Ujumbe ukipotea kwenye mtandao, pesa haziko popote. Akiutuma tena kwa kuwa hakujibiwa, huenda ule wa kwanza ulifika na ni jibu lililopotea, hivyo mpokeaji anaongezewa mara mbili. Kwa hiyo kila ujumbe hupewa namba yake ya muamala, mtumaji huurudia mpaka apate jibu, na mpokeaji hutunza namba alizokwisha kuzishughulikia ili asizirudie. Modeli haikufanyii kazi hii, na kwa maoni yangu hapa ndipo mifumo mingi inayosifiwa huanguka.

Tatizo la pili ni foleni. Sanduku la mtendaji wa Erlang kwa kawaida halina kikomo. Chukua mtendaji mmoja anayepitiwa na miamala yote, tuseme anayeandika kumbukumbu za ukaguzi. Anamaliza ujumbe 800 kwa sekunde huku ukiingia 1,000. Kila sekunde unabaki 200, na baada ya saa moja foleni ina ujumbe 720,000. Unaoingia wakati huo utasubiri dakika 15. Kompyuta haitoi kosa lolote. Majibu yanachelewa tu, kumbukumbu inazidi kujaa, mwishowe seva nzima inazimika. Dalili inaonekana mapema kwa anayeitafuta:

```
erlang:process_info(Pid, message_queue_len).
```

Namba iliyo kwenye jibu ikiwa sifuri au inapanda na kushuka, hali ni njema. Ikipanda kila unapouliza, kazi ya mtendaji huyo inahitaji kugawanywa, au wanaomtumia ujumbe wapunguzwe kasi.

Kibiashara, historia ya teknolojia hii imejaa mabadiliko ya ghafla. Mwaka 1998 Ericsson ilikuwa tayari na AXD301, mtambo wa mawasiliano wenye mistari zaidi ya milioni moja ya Erlang. Mwaka huohuo kitengo chake cha redio kikapiga marufuku lugha hiyo kwa bidhaa mpya. Desemba iliachiwa kuwa programu huria, na baadhi ya wahandisi wake wakaondoka kuanzisha kampuni yao. WhatsApp ilipozaliwa mwaka 2009 iliikuta bila malipo.

Akka, maktaba ya modeli hiyohiyo inayotumika zaidi na kampuni zinazoandika programu kwa Java na Scala, ilipita njia ya kinyume. Septemba 2022 wamiliki wake waliiondoa kwenye leseni huria, na kampuni yenye mapato ya dola milioni 25 au zaidi kwa mwaka ikatakiwa kulipia matoleo mapya. Waliokataa walichukua toleo la mwisho la bure na kuliendeleza kwa jina la Pekko, chini ya taasisi ya Apache. Kampuni iliyojenga mfumo wake juu ya Akka ina njia tatu: kulipa, kuhamia Pekko, au kubaki na toleo la zamani na kubeba yenyewe gharama ya kuziba mianya ya usalama.