Barua kwa Dada: Upele Uliotunyima Usingizi

Dada yangu mpendwa,

Huku Tanga hatujambo, na sasa nyumba nzima inalala mpaka alfajiri. Zile simu zangu za usiku wa manane unazikumbuka. Kumbe ulikuwa upele tu.

Kijana wangu mkubwa alirudi nao kutoka bweni. Mchana anacheza, lakini akijifunika shuka tu anaanza kujikuna, na wadogo zake wakafuata. Duka la dawa walitupa krimu ya mzio. Muwasho ulipungua siku chache, kisha vipele vikaenea mpaka kiunoni. Krimu za namna ile hutuliza ngozi, ila mdudu haziwezi kumuua.

Muuguzi wa kliniki alitazama katikati ya vidole na kwenye viwiko vya mikono, akatuonyesha vistari vyembamba kama vipande vya uzi. Ndimo utitiri jike anamochimba na kutaga mayai. Mtu anayeupata mara ya kwanza anaweza kukaa wiki 4 hadi 6 bila kuwashwa, huku anaambukiza. Ndiyo maana shemeji yako, aliyekuwa akijisifu kwamba yeye hana kitu, aliambiwa naye apake. Alinuna! Lakini tulikuwa tunamtibu huyu, yule anamrudishia.

Tulipaka usiku mmoja, sote. Sisi wakubwa tulipewa BBE, ile dawa nyeupe inayochoma ngozi iliyokwanguka, kuanzia shingoni hadi nyayo, bila kuruka kitovu, makalio wala chini ya kucha. Tuliiacha saa 24 ndipo tukaoga, tukarudia kama alivyotuelekeza. Watoto walichanganyiwa na maji kliniki kwa kadiri ya umri. Kitinda mimba alipewa marhamu ya salfa, naye akapakwa hata kichwani, maana upele wa watoto wachanga hupanda huko.

Shuka na nguo tulizifua kwa maji ya moto, tukazianika juani. Zisizofulika tulizifunga kwenye mifuko ya plastiki siku kadhaa, kwa kuwa utitiri ukikosa ngozi ya mtu kwa kawaida haumalizi siku 3.

Wiki iliyofuata bado walijikuna, nikataka kupaka tena. Muuguzi alinikataza: wadudu waliokufa na mayai yao bado wamo ngozini, na muwasho unaweza kuendelea wiki 2 hadi 4. Dawa ikizidishwa nayo huwasha. Cha kutazama ni vipele vipya au vistari vipya. Havikutokea, na kila usiku mikwaruzo ikapungua.

Sasa nikuombe jambo. Binti yako alilala kitanda kimoja na wanangu mlipokuja Idi. Hata kama hajikuni, mpeleke kwa daktari huko Maskati, umweleze alilala na nani. Na wewe pia, maana najua bado analala kwako.

Mdogo wako